Presha ya mtoto wa miaka 10 ni 118/70: je, iko juu?

*Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 10. Tulimpeleka kliniki kwa mafua na kikohozi, muuguzi akampima presha kwa mashine ikatoka 118/70. Akasema iko sawa kwani haijafika 120/80. Daktari aliyeiona baadaye kwenye kadi akasema iko juu kwa umri na kimo chake, tumrudishe. Kimo ni sentimita 132, uzito kilo 42. Shangazi yake anasema mtoto mwenye mwili mkubwa lazima awe na presha kubwa. Nani yuko sahihi, na je, aanze dawa?*

Mama, daktari aliyewaambia mrudi yuko sahihi. Lakini kurudi si sawa na kuambiwa mtoto ana ugonjwa wa presha, na kwa kipimo hiki kimoja hakuna dawa ya kuanza. Nitakueleza kwa nini namba hiyohiyo inayoridhisha kwa mtu mzima inatutia wasiwasi kwa mwanao, kisha nikuonyeshe namna tunavyoisoma chati yenyewe, ili mkirudi uelewe kinachofanyika.

Tuanze na hiyo 120/80. Ni mpaka wa watu wazima na wa vijana walioanza miaka 13. Mtoto mdogo ana presha ya chini kuliko mtu mzima, nayo hupanda taratibu kadiri anavyokua. Mtoto wa miaka 3 mwenye 101 kwa namba ya juu anaweza tayari kuhitaji kuangaliwa, ilhali kijana wa miaka 16 mwenye 101 hana neno. Tukiwapima watoto wote kwa mpaka wa mtu mzima, wengi wenye tatizo watapita bila kuonekana hadi ubalehe, na miongoni mwao wamo wenye figo au mishipa yenye kasoro inayotibika.

Kwa nini kimo? Moyo unasukuma damu kwenda juu hadi kichwani na kupitia mishipa iliyo mirefu zaidi kwa mtoto mrefu, kama pampu inayopandisha maji kwenye jengo: ghorofa zikiongezeka, pampu inahitaji nguvu zaidi ili bomba la juu litoe maji. Basi mtoto mrefu wa miaka 10 ana haki ya kuwa na presha ya juu kidogo kuliko mwenzake mfupi wa umri uleule, na hilo si ugonjwa. Umri peke yake ungewaonea warefu na kuwaachia wafupi.

Jinsia ina uzito mdogo katika umri wa mwanao. Kwa msichana wa miaka 10 mwenye kimo kama chake, mipaka inatofautiana kwa milimita moja tu ya zebaki, kipimo tunachosomea presha. Tofauti inakuwa kubwa wakati wa ubalehe, wavulana wanapowapita wasichana. Kwa sababu hiyo chati ni mbili, ya wavulana na ya wasichana, na kosa la kushika karatasi ya jinsia nyingine, ingawa kwa umri huu haliharibu sana, halifai kuachwa likawa mazoea.

Sasa chati. Ninayoitumia hapa ni ile iliyotolewa mwaka 2017 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, inayotumiwa na madaktari wengi hata nje ya nchi hiyo. Ina pasentaili za aina mbili, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea, hata baadhi ya wahudumu. Pasentaili ni nafasi ya mtoto kwenye mstari wa wenzake. Ukisema mtoto yuko pasentaili ya 10 ya kimo, maana yake kati ya watoto 100 wa umri na jinsia yake, kama 10 ni wafupi kuliko yeye na waliobaki ni warefu zaidi. Si alama ya mtihani, wala si asilimia ya kitu kilichomo mwilini. Pasentaili ya kwanza ni ya kimo, nayo inakuchagulia safu ya kusoma. Ya pili ni ya presha, nayo ndiyo jibu. Wapo wanaoona neno "90" kwenye karatasi wakadhani ni presha ya 90.

Tumfanyie kijana wako. Tunafungua ukurasa wa wavulana, tunashuka hadi miaka 10. Vimo vimepangwa kwenda kulia: kutoka sentimita 130 na ushee kwa wafupi hadi karibu 153 kwa warefu. Sentimita 132 inakaribiana zaidi na safu ya 132.7, yaani pasentaili ya 10 ya kimo. Tukishuka kwenye safu hiyo, upande wa namba ya juu ya presha, tunakuta kwamba pasentaili ya 90 ni 109 na ya 95 ni 113. Namba ya juu ya mwanao ni 118. Imepita zote mbili. Ongeza 12 juu ya ile 113 upate 125, ambao ndio mpaka wa hatua ya pili ya presha ya juu, hajaufikia. Namba ya chini, 70, iko chini ya pasentaili ya 90, ambayo kwenye safu yake ni 73. Namba mbili zikiangukia madaraja tofauti, tunafuata ile iliyo juu zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki, kama kingethibitika, kingekuwa presha ya juu hatua ya kwanza.

Mchukue sasa mwenzake wa darasani, naye miaka 10, lakini mrefu wa sentimita 152, na presha hiyohiyo ya 118/70. Kwenye safu yake ya mwisho kulia, pasentaili ya 90 ni 116 na ya 95 ni 121. Anaangukia katikati: presha yake imepanda kidogo, ya kufuatilia baada ya miezi 6, lakini haijafika kuitwa presha ya juu. Namba moja, umri mmoja, jinsia moja, na majibu mawili. Muuguzi wenu hakuona hilo kwa sababu alikuwa na mpaka mmoja kichwani.

Kwa watoa huduma wasio na muda wa kutafuta safu, ipo jedwali fupi ambayo haihitaji kimo. Inachukua mpaka wa watoto wafupi kabisa wa kila umri, ili asipite hata mmoja. Kwa mvulana wa miaka 10 inasema 108/72, kwa msichana 109/72. Ukifika hapo au kuzidi, fungua chati kamili. Jedwali hiyo ni ya kuchuja tu. Hatumwambii mzazi kwamba mtoto ana ugonjwa kwa sababu amepita 108.

Naona shangazi yake amesema jambo linaloaminiwa na wengi, na linastahili jibu la kutosha. Mwili mkubwa unapandisha presha, hilo ni kweli. Lakini chati inampa mtoto nafasi kwa sababu ya kimo, haimpi kwa sababu ya uzito, na imefanywa hivyo kwa makusudi. Kimo ni ukuaji wa kawaida. Uzito uliozidi unapandisha presha kwa njia zinazoumiza: figo hushikilia chumvi, mishipa ya fahamu inayoubana mshipa wa damu huchangamka kupita kiasi, na moyo hufanya kazi kubwa hata mtoto akiwa amepumzika. Tukisema "ni mnene, basi presha hiyo ni saizi yake", tutakuwa tumeuita ugonjwa kawaida. Chati za mwaka 2004 ziliwajumuisha watoto wenye uzito mkubwa, na mipaka ikapanda milimita kadhaa; za 2017 zilihesabiwa upya kwa watoto wenye uzito wa kawaida tu. Kwa sababu hiyo wataalamu wawili wenye karatasi za miaka tofauti wanaweza kutofautiana juu ya mtoto mmoja bila yeyote kuwa mzembe. Ulaya nao wana mwongozo wao wa mwaka 2016, unaoanza kutumia mipaka ya watu wazima, 140/90, mtoto akifika miaka 16. Muulize daktari wako anasoma chati ipi, na mwendelee na hiyohiyo.

Kwa mwanao, kilo 42 kwa sentimita 132 inatoa uwiano wa uzito na kimo, yaani BMI, wa takriban 24, ambao kwa mvulana wa miaka 10 uko kwenye eneo la unene uliopitiliza. Sisemi hili kumlaumu yeyote. Nalisema kwa sababu linagusa pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza kukaguliwa: huenda 118 yenyewe si kweli.

Mkono wa mtoto mnene ni mpana. Mkanda wa presha una mfuko wa hewa ndani yake, na mfuko huo unatakiwa uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu unaozunguka asilimia 80 hadi 100. Tuseme mkono wake, ukipimwa kwa futi kamba katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, una mzunguko wa sentimita 27. Mfuko unahitaji upana wa karibu 11 na urefu wa angalau 22. Mkanda wa kawaida wa mtoto una mfuko wa 9 kwa 18, nao unatosha mkono usiozidi sentimita 22. Maana yake mwanao, ingawa ana miaka 10, anahitaji mkanda ulioandikwa wa mtu mzima. Akifungwa ule wa mtoto, hewa hubana sehemu ndogo tu ya mkono, mashine huongeza nguvu hadi mshipa uzibe, na namba hutoka juu kuliko presha halisi. Mkanda uliopitiliza ukubwa hufanya kinyume, hupunguza. Lebo ya umri kwenye mkanda isikudanganye. Kinachochagua mkanda ni mkono.

Mengine yanayoharibu kipimo ni ya kawaida mno, ndiyo maana hupuuzwa. Mtoto amekuja mbio, amekaa juu ya kitanda cha uchunguzi miguu ikining'inia, anaongea, amevaa sweta, na anaogopa sindano. Anatakiwa akae kwenye kiti dakika 3 hadi 5 akiwa kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini au kwenye kistuli na haijakunjwa nne, mkono wa kulia ukiwa wazi na umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkono wa kulia una sababu mbili: ndio uliopimwa watafiti walipotengeneza chati, na kuna kasoro ya kuzaliwa ya mshipa mkuu inayoweza kuufanya mkono wa kushoto utoe namba ndogo ya uongo.

Kuna na hayo mafua. Baadhi ya dawa za kuzibua pua hupandisha presha. Homa na maumivu navyo hupandisha. Waambie kila dawa aliyokuwa ametumia siku hiyo, hata ile ya kununua dukani bila cheti.

Mkirudi, mambo yanakwenda hivi. Kipimo cha kwanza kikifika pasentaili ya 90 au zaidi, papo hapo mtoto anapimwa mara mbili zaidi na tunachukua wastani wa hizo mbili. Kama kilichotumika ni mashine ya kidijitali na bado wastani uko juu, anapimwa kwa stethoskopu na mtu anayesikiliza, kwa kuwa chati zenyewe zilijengwa kwa njia hiyo, na mashine hukadiria namba kwa mitetemo ya mshipa badala ya kusikia sauti. Tuseme anapata 118, kisha 112 na 110. Wastani ni 111. Kwenye safu yake hiyo iko kati ya 109 na 113, kwa hiyo mtoto ametoka hatua ya kwanza akawa mwenye presha iliyopanda kidogo tu, na mtamrudisha baada ya miezi 6. Hili hutokea mara nyingi sana, kwa sababu presha ya mtoto hushuka akizoea chumba na mkanda.

Ikibaki 118 hata baada ya utaratibu wote, anarudi baada ya wiki 1 hadi 2. Safari hiyo apimwe mikono yote miwili na mguu mmoja. Ikiwa bado, anarudi tena baada ya miezi 3. Ni pale tu vipimo vya siku tatu tofauti vinapokuwa kwenye pasentaili ya 95 au zaidi ndipo tunaandika kwenye kadi kwamba ana presha ya juu. Penye uwezekano, daktari atamfunga kifaa kinachopima kwa saa 24, usiku na mchana, maana wapo watoto ambao presha yao hupanda mbele ya daktari tu na nyumbani iko sawa. Hao hawahitaji dawa.

Nimetaja mguu. Kwa kawaida presha ya mguuni ni kubwa kuliko ya mkononi. Ikiwa ya mguuni ni ndogo, au mapigo ya kinenani ni hafifu, tunashuku mshipa mkuu wa aota umebana sehemu fulani, na hilo hurekebishwa na wataalamu wa moyo. Figo ndizo za kuchunguzwa zaidi ya kiungo kingine. Mwambie daktari kama mtoto alizaliwa njiti, kama amewahi kuugua maambukizi ya mkojo mara kwa mara, na kama kuna ndugu mwenye ugonjwa wa figo. Mkojo hupimwa damu na protini, na damu hupimwa kreatinini, chumvi na mafuta. Mtoto chini ya miaka 6 anahitaji na picha ya ultrasaundi ya figo, kwani kadiri mtoto anavyokuwa mdogo na presha inavyokuwa kubwa, ndivyo tunavyozidi kutafuta chanzo kilichojificha. Kwa mtoto wa miaka 10 mwenye uzito mkubwa, wazazi wenye presha, na uchunguzi usioonyesha kasoro, chanzo mara nyingi ni uzito na urithi, na hatuna haja ya kumtesa kwa vipimo vingi. Ulizia pia kama anakoroma usiku na kukata pumzi. Usingizi wa namna hiyo hupandisha presha, na unatibika.

Dawa? Kwa hatua ya kwanza isiyo na dalili, kwanza ni miezi kadhaa ya kubadili maisha: kupunguza chumvi na vyakula vya viwandani, kuacha vinywaji vya sukari, kucheza kwa kutoka jasho dakika 30 hadi 60 siku nyingi za wiki. Mtoto anayekua halazimiki kupungua kilo. Akibaki na uzito uleule huku kimo kikipanda, uwiano hushuka wenyewe. Dawa tunaanza ikiwa miezi 6 imepita na presha haijashuka, au mapema zaidi kama iko hatua ya pili bila sababu ya kurekebishika, kuna dalili, kisukari, ugonjwa wa figo, au ukuta wa moyo umeanza kunenepa. Nakuomba usimpe dawa ya presha ya mtu mzima aliye nyumbani, hata nusu kidonge.

Jambo moja litakushangaza miaka mitatu ijayo. Akifikisha miaka 13 chati ya kimo inawekwa kando, na mpaka unakuwa mmoja kwa wavulana na wasichana: chini ya 120/80 ni kawaida, 130/80 inaanza hatua ya kwanza, 140/90 hatua ya pili. Mvulana mfupi mwenye 116 siku moja kabla ya kutimiza 13 alikuwa amepita mpaka wake. Kesho yake anasomeka kawaida. Mwili haujabadilika. Mpaka huo uliwekwa ili kuwalinganisha vijana na watu wazima na kurahisisha kazi, na mimi mtoto wa namna hiyo ninaendelea kumfuatilia.

Kusema ukweli, chati hizi hazikutengenezwa kwa kuhesabu nani alipata kiharusi, kama ilivyo kwa mipaka ya watu wazima. Watoto ni nadra kupata kiharusi cha presha. Zinatuambia tu nani yuko juu ya wenzake. Ndiyo maana kipimo kimoja kilichopita mstari kwa milimita 2 au 3 hakinikoseshi usingizi, na ndiyo maana kinachojirudia kwa miezi sipendi kukipuuza, kwani watoto wenye presha ya juu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa watu wazima wenye presha.

Usisubiri miadi ikiwa mtoto ana presha ya juu pamoja na maumivu makali ya kichwa yenye kutapika, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, uso kupooza upande mmoja au kupumua kwa shida. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo namba yake ya juu ikizidi 143, yaani 30 juu ya pasentaili yake ya 95, hata akiwa anacheza. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, hasa wiki chache baada ya maumivu ya koo au vidonda vya ngozi, figo zinahitaji kuangaliwa siku hiyohiyo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mrudishe mafua yakiisha, ndani ya wiki 1 au 2. Omba apimwe kimo siku hiyo bila viatu, maana sentimita zilizoandikwa mwaka jana zitakuchagulia safu isiyo yake. Omba mkono upimwe kwa futi kamba kabla ya mkanda kuchaguliwa. Na kila kipimo kiandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, mkono uliotumika na saizi ya mkanda, kwa sababu daktari wa safari ya tatu atahitaji kujua kama zile namba mbili za kwanza zinalinganishika.